Mita ya Mwenyekiti

Mlango wa kituo chetu cha maziwa uko pale mpaka leo, umepakwa rangi ya buluu na watu wa kanisa waliokodi jumba. Jumapili wanaimba hapo hapo tangi liliposimama. Mimi nikipita na ng'ombe wangu kwenda kunywesha mtoni, nyimbo hizo sizisikii. Masikio yangu yanatafuta mngurumo. Mashine yetu ya baridi ilikuwa inanguruma kutwa, sauti ya chini tu, kama mzee aliyelala vizuri baada ya kula, na watu wa huu mgongo wetu wa mlima kati ya Othaya na Kiriaini walikuwa wameizoea hivi kwamba ikinyamaza walitoka nje kuuliza kuna nini.

Nimesikia vijana wakisema kituo kiliuawa na stima. Nasema hapana. Stima haina akili ya kuua kituo. Watu ndio waliokiua, na mimi nilikuwa ndani nikiwatazama. Majina yao sitayaandika kwa sababu tunakutana mazishini na sokoni, lakini kila mtu wa kwetu akisoma hapa atajua ni nani ninayemsema, na yeye mwenyewe atajua zaidi.

Nilikuwa mhudumu wa tangi. Shule niliacha katikati ya msingi, baba alipougua, kwa hivyo kazi yangu haikuwa ya kalamu. Nilifungua mlango asubuhi, nikaosha mifereji kwa maji moto na sabuni, nikatazama mshale wa saa ya joto iliyobandikwa ubavuni mwa tangi. Mshale ukisimama kwa digrii nne, nilijua siku itakuwa nzuri. Maziwa ya jioni yalilala humo yakipoa, na yale ya asubuhi yakaongezwa juu pole pole, mashine ikiendelea kukoroga na kupoza, mpaka lori la kampuni iliyonunua maziwa yetu lije kunyonya yote.

Na zile asubuhi! Ukungu umeshika majani chai, huoni hata miti ya jirani, lakini unasikia mikebe ikigongana barabarani kabla hujamwona mtu. Wamama wanakuja na masweta na gambuti, wengine na punda. Pale mlangoni ndipo habari zote zilipikwa. Nani ameposwa, ng'ombe wa nani amezaa dume tena, nani ametia maji kwenye maziwa na kipimo kikamuaibisha mbele ya watu. Kulikuwa na cucu mmoja, nyanya mzee, aliyeleta chupa mbili tu za maziwa kutoka kwa ng'ombe wake mmoja, na kila siku alinisalimu vile vile.

"Habari ya bibi yako mkubwa?" Alimaanisha tangi.

"Amelala vizuri, cucu."

"Usimwamshe. Akiamka na hasira tutalala njaa sisi wote."

Tulikuwa tunacheka. Siku hizo kucheka kulikuwa karibu.

Na stima ikipotea, siku za zamani, hatukupiga simu kwa mtu tusiyemjua. Fundi wa kampuni ya stima alikuwa anakaa pale kwa maduka, nyumba ya mabati karibu na bucha. Ulienda kwake ukapiga hodi. Alikuwa anajua kila transfoma kwa jina la shamba iliposimama. Unamwambia, "Ile ya kituo imekufa," anavaa viatu, anabeba fimbo yake ndefu, anakuja. Ukimwuliza itarudi saa ngapi anakujibu, "Nikishaiona." Hakuahidi kitu ambacho hakuona. Alipostaafu hawakuleta mwingine. Tukapewa nambari ya simu, na ukipiga unaulizwa nambari ya mita, kwa sababu mitambo yao inakujua kwa mita, haikujui kwa uso wala kwa shamba.

Mwaka huo wa mwisho tulikuwa tunatembea juu ya kamba. Kampuni ya lori ilikuwa imekataa maziwa yetu mara mbili, mara zote mbili sababu ilikuwa joto. Tulikuwa na jenereta, ndiyo. Jenereta ile ilinunuliwa kwa ajili ya tangi na si kwa kitu kingine. Lakini kamati yetu iliiazima kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa mmoja wao, iendeshe vipaza sauti na taa za hema. Ilirudi imenyamaza, imeungua ndani, na wakaisukuma nyuma ya choo wakaifunika na gunia. Hapo andika wakosaji wa kwanza: kamati nzima, pamoja na yule aliyecheza ngoma mpaka mwisho. Baada ya hapo mpimaji wa kampuni akatuambia wazi, akiwa amesimama pale mlangoni na koti lake jeupe: "Nikiwakataa tena, msinisubiri. Lori litapita barabara ya juu." Kila mtu alisikia. Barabara ya juu haipiti kwetu.

Asubuhi yenyewe nilifika mapema kama kawaida. Nilikuwa nimemimina sabuni kwenye ndoo wakati taa ilipokonyeza, ikafifia, ikakonyeza tena, kisha kukasikika mlio upande wa transfoma, pau! kama mtu amepasua mfuko wa karatasi. Mashine ikashuka sauti yake ikanyamaza. Nilibaki na ndoo mkononi nikisikia maji yakidondoka.

Nilitazama mshale. Nne. Maziwa ya jana jioni yalikuwa salama. Hilo tangi lilikuwa na koti nene ndani ya ukuta wake, na ukiliacha limefungwa, usilifunue, usiongeze kitu, linakaa na baridi yake muda mrefu. Hilo tulifundishwa sote, mpaka mwenyekiti wa kamati alikuwa kwenye hiyo semina, na alikula keki.

Meneja alifika na pikipiki. Alikuwa msichana mdogo, mtu wa Kutus, na diploma yake ya mambo ya maziwa ilikuwa imetundikwa ukutani. Sikuwa na neno naye. Alipokuja kwetu alifanya kazi, alikuwa anaosha hata mikebe mwenyewe akiona tumelemewa. Alitazama mshale, akagusa ubavu wa tangi kama unavyogusa paji la mtoto, akaniambia, "Usilifungue."

"Silifungui."

"Na ya asubuhi ikija, ibaki kwa mikebe. Iweke kivulini, kwa maji ya mtaro."

Kisha akampigia simu afisa wa kampuni inayonunua. Alikuwa ameweka simu kwa sauti kubwa kwa sababu masikio ya simu yake yalikuwa mabovu, kwa hivyo nilisikia yote. Alimweleza vizuri, moja baada ya nyingine. Stima imepotea alfajiri. Kilichoipoteza bado hakijulikani, lakini transfoma imelia. Mashine ya baridi imesimama. Maziwa ya jana yako ndani, yako kwa nne. Ya leo bado hayajaingia. Jenereta haifanyi kazi.

Afisa yule hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Sasa nisikilize, dada. Kuna njia mbili. Ya kwanza, nigeuze lori lianze kwenu sasa, nichukue ile ya jana ikiwa baridi, na ya leo asubuhi watu waende nayo nyumbani. Ya pili, kama stima inarudi upesi, lori lije saa zake za kawaida lichukue yote. Mimi nataka kitu kimoja tu kutoka kwako. Inarudi saa ngapi? Lakini usiniambie ya kubahatisha."

"Tunaripoti sasa hivi," meneja akasema. "Nikipewa saa nitakupigia. Nisipopewa, leta lori mapema."

Ukitazama hapo, kituo kilikuwa kimepona. Ripoti ilikuwa imefika mahali pake na ilikuwa ya kweli. Kilichobaki ni kuwaambia watu wa stima, basi. Meneja alikuwa ameshika simu, amesogea kwa sanduku la mita yetu pale ukutani, anafuta vumbi asome nambari. Mwenyekiti akaingia.

Huyo ndiye mkosaji mkubwa, na ningeweza kumwandika kurasa nyingi. Kofia ya ukili, fimbo yenye kichwa cha shaba, kikohozi cha kujitangaza kabla ya kuingia. Aliwahi kuwa mtu wa maana kidogo huko Nyeri mjini, katika ofisi fulani, na hakuacha tuisahau.

"Mnafanya nini na hiyo mita?"

"Tunaripoti, mzee. Wanataka nambari," meneja akasema.

"Ya kituo? Wewe mtoto, ukiripoti na mita ya kituo utangoja mpaka krismasi. Hao watu wanatazama jina. Wakiona ushirika, wanasema hao wamezoea shida. Ripoti na yangu. Wakiona ni mimi watakuja mbio."

"Lakini mzee, shida iko hapa."

"Na mimi natoka wapi, Timau? Nyumba yangu si ile pale?" Akaelekeza fimbo ng'ambo ya kijito. Paa lake la vigae lilikuwa linaonekana kupitia ukungu. "Mtaa ni mmoja, stima ni moja. Leta hiyo simu."

Huu ndio ugonjwa wetu, watu wa huku. Kitu kidogo kikiharibika, hatusemi kimeharibikia wapi, tunatafuta kwanza nani mkubwa wa kukisema. Hata mtu akitaka barabara ichongwe anatanguliza jina la mtu aliyestaafu. Meneja alinitazama, mimi nikamtazama. Diploma ilikuwa ukutani. Akampa simu. Naye namwandika, ingawa inaniuma: alijua, na akanyamaza kwa heshima. Heshima yetu imekula vitu vingi.

Mwenyekiti aliripoti akisimama katikati ya chumba kama anahutubia. Akataja nambari ya mita yake kwa kichwa, akataja jina lake mara mbili, akasema stima imepotea na yeye ni mwenyekiti wa watu wengi. Mama wa huko kwa simu alikuwa na sauti ya upole. Akamwuliza, "Ni kwako tu au ni mtaa mzima?"

"Mtaa mzima."

"Umeona waya umeanguka, au moshi, au umesikia mlio?"

"Mimi sina haja ya kuona waya, mama. Nyinyi ndio wenye waya."

"Sawa, mzee. Nimesajili. Mafundi wako upande huo, watafika hapo kwako asubuhi hii. Wakimaliza utapata ujumbe."

Hapo kwako. Yule mama alisema hapo kwako, nami nilisikia.

Wamama wakaanza kufika na mikebe. Tukaipanga kwenye mtaro nyuma ya jumba, maji ya kijito yakipita kati yake, na kila mtu akaambiwa angoje. Mazungumzo yakaanza kama sikukuu ndogo. Cucu alikaa juu ya jiwe, akaweka chupa zake mbili kati ya miguu.

"Bibi mkubwa amezimia?" akaniuliza.

"Anapumua polepole, cucu."

"Na daktari?"

"Ameitwa na mwenyekiti."

"Ngai!" akasema, akajifunga leso upya. "Basi tuombe."

Jua likapanda, ukungu ukaachia, na mlima ukaonekana kidogo na theluji yake halafu ukajificha tena. Mshale wangu ulikuwa bado uko chini, umesogea unywele tu. Meneja alikuwa anatazama simu kila mara. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba asiposikia neno kabla maji ya chai hayajachemka, anamwita afisa alete lori. Nilikuwa nimebandika sufuria kwa kuni pale nje. Niliitazama hiyo sufuria nikiomba ikawie, halafu nikiomba iharakishe, sikujua niombe nini.

Simu ya mwenyekiti ndiyo iliyolia kwanza. Aliitoa mfukoni, akaishika mbali na macho, akasoma, na uso wake wote ukafunguka.

"Sikuwaambia? Someni. Tatizo limeshughulikiwa, huduma imerejea. Jina langu hilo."

Sote tukatazama taa. Haikuwaka. Nikabonyeza swichi mara mbili kwa ajili ya heshima.

"Mzee, hapa bado," nikasema.

"Inakuja. Imewashwa huko, si lazima itembee?"

Mtu mmoja huko nje akasema, "Labda imesimama Kiriaini kunywa chai," na watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alimpigia afisa wa kampuni yeye mwenyewe, mbele yetu, akamwambia stima imerudi, amethibitishiwa na wenyewe kwa maandishi, lori lije saa zake za kawaida lichukue yote. Meneja alisema, "Mzee, ngoja iwake kwanza." Alisema kwa sauti ndogo, na mwenyekiti alikuwa na sauti kubwa.

Kisha akanigeukia mimi. "Fungua tangi. Mimina ya asubuhi."

"Mashine haijaanza, mzee."

"Itaanza ukiwa unamimina. Hawa wamama watakaa hapa mpaka lini? Maziwa yao ikiharibika kwa mikebe utalipa wewe?"

Nikamtazama meneja. Alikuwa ameinamisha macho kwa sakafu niliyokuwa nimeiosha. Basi kifuniko kikafunguliwa, na baridi ikatoka kama pumzi, na mkebe baada ya mkebe maziwa ya asubuhi yakaingia, yenye uvuguvugu bado wa ng'ombe. Hakukuwa na kitu cha kukoroga wala cha kupoza. Nilisimama nikiangalia mshale. Ulipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake mwenyewe, bila wasiwasi. Kumi ukapita. Ukaendelea.

Cucu alikuwa wa mwisho. Alipofika mlangoni akauliza, "Amepona?" Alinitazama usoni, akatazama taa, kisha akarudi kwenye jiwe lake na chupa zake zikiwa zimejaa. Hakumimina.

Wa kutufungua macho alikuja baadaye kidogo, na alikuwa bibi ya mwenyekiti. Alikuja na mkebe wake, amevaa nguo safi za kwenda mahali, amechelewa kama kawaida yake.

"Baba watoto," alimwambia mume wake pale mbele ya watu, "hao watu wa stima uliwaita wa nini?"

"Wamefika?"

"Wamefika wakaenda! Wameingia na gari mpaka karibu na banda la kuku. Wananiuliza shida iko wapi. Nikawaambia mimi sina shida, niko napiga pasi. Wakawasha taa ya jikoni, ikawaka. Ya sebule, ikawaka. Mmoja akaniuliza, mama, sasa umetuitia nini, chai? Nikaona aibu. Nikawapa chai."

Nyumba ya mwenyekiti, kumbe, inapata stima kutoka transfoma ya ng'ambo ya kijito, ile ya upande wa shule, naye pengine alitoka kwake bila hata kuwasha taa. Yetu ni nyingine, ya huku. Mafundi walitumwa kwa mita, wakaenda kwa mita, wakaikuta nzima, wakafunga kazi, na mitambo yao ikatuma ujumbe kwa mwenye mita. Kila mtu kwenye ile laini alifanya kazi yake. Hata nikiwa na uchungu siwezi kuwasingizia.

Ni sauti ya kike kutoka kwa mikebe iliyosema, "Wacha wee! Tumemwaga maziwa yetu kwa stima ya pasi."

Mwenyekiti alisema ni makosa ya ofisi. Akavaa kofia, akasema anakwenda kuwatafuta barabarani, akaondoka na fimbo. Bibi yake alibaki amesimama na mkebe, maskini, hakujua auweke wapi.

Meneja hakungoja tena ruhusa. Alienda kwa mita ya kituo akaisoma nambari kwa sauti, nikimshikia tochi. Mama wa simu alikuwa yule yule, au mwenye sauti kama yake.

"Nambari hii haijaripotiwa leo," akasema.

"Najua," meneja akasema. Alikuwa analia bila sauti. "Ripoti sasa. Ni kituo cha maziwa. Mashine ya baridi imesimama tangu alfajiri, maziwa yameanza kupata joto. Taa ilikonyeza kwanza, halafu transfoma ikalia."

"Ilikonyeza? Asante kwa kuniambia hivyo. Mafundi hawajaenda mbali, nawageuza. Lakini saa ya kurudi siwezi kukupa mpaka waone chanzo."

Nikakumbuka yule fundi wetu wa zamani na fimbo yake. Nikishaiona.

Meneja akampigia afisa wa kampuni kumwambia ukweli. Simu ililia haikushikwa. Akampigia tena. Aliposhika alisema lori limekwisha kupanda mlima wa mwisho, na kwamba alikuwa ameliacha lipite kwingine kwanza kwa sababu aliambiwa stima imerudi. "Nani alikuwa na haraka hivyo?" aliuliza. Meneja hakumtaja mtu.

Mafundi walifika kabla ya lori, vijana wawili na gari lao la ngazi. Mmoja akaweka fyuzi mpya juu ya transfoma kwa fimbo ndefu, akaisukuma ikashika. Taa ikawaka! Wamama wakapiga vigelegele. Mashine ikakohoa, ikaanza, na kabla vigelegele havijaisha, pau! ikapasuka tena, na tukarudi pale pale.

Fundi akashuka akipangusa mikono. "Kuna kitu kwa laini. Nikiweka nyingine nitaichoma tu. Lazima tuitembee nguzo kwa nguzo. Hakuna mtu ameona kitu asubuhi? Mti, waya?"

Watu wakatazamana, wakasema hapana. Na pale kati yao alikuwa amesimama jirani wangu wa chini, mikono nyuma, na yeye alisema hapana kama wengine. Huyo ndiye mkosaji wa mwisho. Mafundi walitembea laini, na hawakufika mbali. Shambani kwake, chini ya waya, walikuta unga wa mbao mbichi umefunikwa na majani ya ndizi, na kisiki cha mkaratusi bado kinatoa maji. Alikuwa ameukata alfajiri kwa sababu hakuwa na kibali cha kukata. Tawi likapiga waya mbili zikajifunga pamoja, yeye akaburuta mti mpaka kwa zizi, akaosha mikono, akaja kituoni na mkebe wake kungojea stima pamoja na sisi. Angesema neno moja pale mlangoni, hata kwa sikio la fundi, wangekwenda moja kwa moja. Aliogopa faini. Alisimama na sisi asubuhi yote, na kwenye ule utani wa Kiriaini alicheka kuliko wote.

Wakati wakiwa bado kwa nguzo wanatenganisha waya, lori likaingia uwanjani.

Mpimaji alishuka na koti lake jeupe. Hakuhitaji kusema mengi. Alitazama mshale. Alichota kidogo kwa kijiko kirefu, akanusa, akachanganya na spiriti kwenye kikombe chake kidogo, akakizungusha mbele ya mwanga wa mlango. Vichembe vikashika ukutani mwa kikombe, dalili ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Alitingisha kichwa.

"Nilipoambiwa imerudi, ilikuwa imerudi wapi?" akaniuliza mimi, sijui kwa nini mimi.

"Kwa mwenyekiti," nikamwambia.

Hakucheka. Alisema pole, akamshika meneja begani, akapanda lori. Tulilisikia likibadilisha gia pale kwenye njia panda, na sote tulikuwa tunasikiliza lichukue upande gani. Lilichukua barabara ya juu.

Watu hawakupiga kelele. Nilifikiri watanirukia, lakini mtu akachukua mkebe wake tu, akausogeza chini ya bomba la tangi, akaniambia, "Nipe yangu." Ya nani ilikuwa ya nani? Ilikuwa imechanganyika yote. Nilifungua bomba na kila mtu akachukua kiasi alicholeta, kwa macho, bila kugombana. Wengine walisema watagandisha mala, wengine ni ya ndama na mbwa. Jirani wa mkaratusi hakuja kuchukua. Bibi ya mwenyekiti ndiye aliyenisaidia kushika mikebe, nguo zake safi zikalowa mpaka magotini, na kila mama aliyefika mbele yake alimwambia "pole" kana kwamba amefiwa.

Cucu alikuja na chupa zake mbili, zake mwenyewe, ambazo hazikuwahi kuingia. Alimimina moja kwenye sufuria yangu ya chai iliyokuwa imechemka na kukauka nusu. "Mpe na huyo msichana," akasema. "Hajakula tangu asubuhi."

Tangi lilipoisha nikachukua maji na brashi nikaanza kuliosha. Sikuwa na lingine la kufanya. Nilikuwa nimeingiza kichwa ndani nikisugua ukingo wakati taa ilipowaka, safi, bila kukonyeza, na mashine ikaanza. Mafundi walikuwa wamemaliza. Nilisikia mngurumo ukipanda ndani ya chuma na kuzunguka kichwa changu chote.

Meneja alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Zima," akasema. "Inapoza hewa."

"Nitazima."

Lakini sikuzima mara moja, na yeye hakusema tena. Nje wamama walikuwa wameinua mikebe tayari kwa kwenda, wakasimama hapo hapo barabarani wakisikiliza. Cucu alikuwa amegeuza uso kuelekea kwetu. Mshale ukaanza kushuka. Nikautazama ukishuka mpaka nne, kisha nikaenda ukutani nikazima.